Ukurasa mmoja, hesabu zisizojuana

*"Assalamu aleikum mwalimu. Nafundisha tuisheni watoto sita wa kidato cha tatu hapa Langoni, Lamu. Wanapiga picha ukurasa mzima wa marudio na kunitumia kwa simu, na maswali yake hayahusiani hata kidogo. Nikiwajibu, hesabu ya swali moja inaingia katika jingine. Nimekutumia ukurasa mmoja wa juzi. Wewe ungeutenganisha vipi?"*

Waaleikumu salaam, mwalimu mwenzangu. Picha yako imenifikia hapa Malindi salama. Nimeikuza mpaka kila herufi ikasomeka, na kabla sijagusa hesabu hata moja nilichukua kipande cha kadibodi nikaanza kufunika. Nianzie hapo, kwa sababu kufunika ndiko kunakotenganisha maswali. Namba zilizochapwa pembeni zinasaidia, lakini hazitoshi, na ukurasa wako ni ushahidi.

Nafunika ukurasa wote, naacha swali moja tu wazi. Nalisoma, kisha najiuliza: mtoto akiwa na haya maneno peke yake, anaweza kufika kwenye jibu? Akiweza, swali hilo limejitosheleza na linapata kichwa chake. Asipoweza, basi kuna kitu chake kimelala mahali pengine kwenye ukurasa: mchoro, kipimo, agizo, au jibu la kipande kilichotangulia. Naenda kukitafuta, nikikipata nakihamishia kwa mwenyewe. Mpaka kila kitu kirudi kwa mwenyewe, sipigi hesabu.

Sasa tuutazame ukurasa wako. Umechapwa kwa safu mbili: kushoto swali la 5 na la 6, kulia la 7 na la 8. Picha imepigwa upande kidogo, kwa hivyo mistari ya swali la 6 inaonekana kama inaendelea moja kwa moja hadi swali la 7. Mtoto anayesoma kutoka ukingo hadi ukingo anatoka kwenye mahamri anaingia kwenye tangi la maji bila kujua amevuka. Soma safu ya kushoto hadi chini kabisa, ndipo upande juu uanze ya kulia.

Ukiutazama haraka utasema una maswali manne. Una matano, na moja halina kiwiliwili. Juu kabisa kushoto, kabla ya swali la 5, kuna mstari huu: *(c) Hivyo basi, tafuta gharama ya kuizungushia ua bustani hiyo.* Bustani ipi? Hakuna bustani popote ukurasani. Huo ni mkia wa swali la 4, na mwili wake uko ukurasa wa nyuma. Nimeona walimu wakiuruka mstari kama huu, na wengine wakiubandika kwenye swali la 5 kwa kuwa zote mbili zinataja pesa. Usifanye lolote kati ya hayo. Upe kichwa chake, useme wazi kilichokosekana.

Swali la 5 linasema mfanyabiashara alinunua korja 3 za boriti kwa shilingi 18,000. Nikilifunikia mengine, nakwama: korja ni ngapi? Wewe wa Lamu unajua, na babu za wanafunzi wako wanajua, lakini hesabu haitegemei mtoto kuwa na babu. Nikashuka na kadibodi mpaka chini kabisa ya safu ya kulia, na pale chini ya swali la 8, kwa herufi ndogo, pameandikwa: *Korja 1 = vipande 20.* Swali la 8 ni la mashua iliyo baharini, halina korja. Aliyepanga ukurasa aliweka maelezo pale palipokuwa na nafasi. Ni mali ya swali la 5.

Kinyume chake ni mstari wa *Tumia π = 22/7* ulio chini ya swali la 6. Swali la 6 ni la bei ya mahamri na chai, halina duara wala kipenyo. Kando yake pia kuna mchoro wa tangi. Vyote viwili ni vya swali la 7, lililo safu nyingine.

Swali la 7 lina (a) na (b). Nilipofunika (a), kipande cha (b) hakikuweza kusimama, kwa sababu kinahitaji ujazo wa tangi unaopatikana katika (a). Hivyo hivi viwili havitengani: kichwa kimoja, sehemu mbili ndani yake. Kutenganisha kupita kiasi nako ni kosa. Swali la 8 limejitosheleza, ila alama ya nyuzi imetoka kwa ukungu, na 060° inasomeka kama 0600.

Halafu nimeona jambo lililonigusa. Kando ya 7(b) mtoto ameandika kwa penseli *110 ÷ 21 = 5.24*. Hiyo 110 ameitoa wapi? Ameitoa swali la 6, ni shilingi 110 za mahamri na chai. Hiyo 21 ni lita za maji kwa dakika. Amegawanya shilingi kwa lita, na hesabu ya kugawanya ameipiga sawasawa kabisa. Mtoto huyu si mzembe. Amesoma ukurasa ukingo hadi ukingo, akaichukua namba iliyokuwa karibu. Na kitakachomchanganya zaidi ni kwamba jibu sahihi la 7(b) ni dakika 110. Ukimwandikia "110" tupu, ataamini kwamba shilingi zile zilihusika kweli. Hii ndiyo sababu sikubali jibu lisilo na kipimo chake hata siku moja.

Sasa niandike kama ambavyo ningemtumia yeye. Naanza na lile lisilo na mwili.

Swali la 4(c): ua wa bustani (halijakamilika)

Maneno "bustani hiyo" yanaturudisha kwenye swali la 4, lililo ukurasa uliotangulia. Tunahitaji vipimo vya bustani, bei ya ua kwa mita moja, na jibu lako la (a) na (b). Nitumie picha ya ukurasa huo, tumalizie.

Swali la 5: faida ya boriti kwa asilimia

Tumepewa: korja 3 zimenunuliwa kwa sh 18,000 zote. Korja 1 ni boriti 20 (yameandikwa chini ya ukurasa). Boriti 4 zilikuwa zimeoza zikatupwa. Kila iliyobaki iliuzwa sh 375.

Tunatafuta: faida kwa asilimia.

Boriti zote: 3 × 20 = 60

Zilizouzwa: 60 − 4 = 56

Mauzo: 56 × 375 = sh 21,000

Faida: 21,000 − 18,000 = sh 3,000

Faida kwa asilimia: (3,000 ÷ 18,000) × 100 = 16⅔

Jibu: faida ni asilimia 16⅔.

Nisimame hapa kidogo, kwa sababu swali hili lina mtego unaovutia. Watoto wengi hugundua kwamba kila boriti ilinunuliwa kwa sh 300, kisha huhesabu gharama ya zile 56 tu: 56 × 300 = 16,800. Faida inakuwa 4,200, na asilimia inatoka 25 kamili. Namba nzuri mno, haina hata sehemu, na mtoto anaondoka ameridhika. Lakini zile nne zilizooza zililipiwa. Pesa zilimtoka mfanyabiashara, haziwezi kufutwa kwenye hesabu kwa sababu boriti zilitupwa. Kosa la pili ni kugawanya kwa 21,000 badala ya 18,000, na hapo utaona asilimia 14.29. Ukikuta 25 au 14.29 kwenye daftari, unajua mara moja mtoto alipotelea wapi, hata kama hakuandika hatua zake.

Swali la 6: bei ya hamri na bei ya chai

Tumepewa: mahamri 5 na vikombe 2 vya chai ni sh 110. Mahamri 3 na vikombe 4 ni sh 150.

Tunatafuta: bei ya hamri moja na ya kikombe kimoja.

x iwe bei ya hamri moja kwa shilingi, y iwe bei ya kikombe kimoja.

5x + 2y = 110 … (i)

3x + 4y = 150 … (ii)

Zidisha (i) kwa 2: 10x + 4y = 220 … (iii)

(iii) kutoa (ii): 7x = 70, kwa hivyo x = 10

Weka katika (i): 50 + 2y = 110, kwa hivyo y = 30

Hakiki katika (ii): 3 × 10 + 4 × 30 = 150. Sawa.

Jibu: hamri moja sh 10, kikombe cha chai sh 30.

Hili ni jepesi, sina mengi ya kusema juu yake ila kuhusu herufi. Wengi wangeandika m kwa mahamri na c kwa chai, kwa kuwa ndizo herufi za mwanzo. Likiwa peke yake halina ubaya. Lakini kwenye ukurasa huu huu, swali linalofuata lina m ya mita na cm ya sentimita, na swali la 8 lina nukta inayoitwa C. Mtoto akiona "5m" hajui ni mahamri matano au mita tano. Kwenye ukurasa wa mchanganyiko natumia x na y pale ambapo kuna vipimo jirani, na chini ya kila kichwa natangaza upya herufi inasimamia nini, hata kama nimeshaitumia juu. Herufi iliyotangazwa swali la 6 inaishia swali la 6.

Swali la 7: tangi la maji

Tumepewa: tangi la umbo la mcheduara, nusukipenyo 70 cm, kimo 1.5 m, π = 22/7 (agizo liko chini ya safu ya kushoto). Mfereji unaingiza lita 21 kwa dakika, na tangi ni tupu.

Tunatafuta: (a) ujazo kwa lita, (b) muda wa kujaa.

(a) Kimo kwa sentimita: 1.5 × 100 = 150 cm

Ujazo = π × r × r × h, ambapo r ni nusukipenyo na h ni kimo

= 22/7 × 70 × 70 × 150

= 22 × 10 × 70 × 150

= 2,310,000 cm³

Lita 1 ni 1,000 cm³, kwa hivyo 2,310,000 ÷ 1,000 = lita 2,310

Jibu la (a): lita 2,310.

(b) Muda = lita zote ÷ lita kwa dakika

= 2,310 ÷ 21

= dakika 110

Jibu la (b): dakika 110, yaani saa 1 na dakika 50. (Hii si ile 110 ya swali la 6. Ile ilikuwa shilingi.)

Mabano hayo ya mwisho nimeyaandika kwa ajili ya mtoto yule mwenye penseli. Kwa kawaida siyaweki, lakini namba moja ikitokea kwenye maswali mawili yasiyohusiana, ni haki ya mwanafunzi kuambiwa kwamba imesadifu tu.

Katika picha yako ukingo wa kulia umekatwa, na maneno yanaishia "nusukipenyo 70 c". Nilijuaje ni cm? Sikubahatisha. Mchoro ulio safu ya kushoto una mshale unaotoka katikati ya duara hadi ukingoni, na kando yake pameandikwa 70 cm. Mshale huo umenipa mambo mawili: kipimo ni sentimita, na ni nusukipenyo kweli. Ungekuwa unakatiza duara lote ungekuwa kipenyo, na ujazo ungeshuka hadi robo. Laiti mchoro usingekuwepo, ningeuliza. Kosa la kusoma picha halionekani kwenye hatua. Hatua zote zinatoka sawa na jibu linakuwa baya, na mtoto hana pa kulitafuta.

Kosa jingine la hapa ni kuacha kimo katika mita: 22/7 × 70 × 70 × 1.5 inaleta 23,100, na ukigawanya kwa 1,000 unapata lita 23.1. Mwambie mtoto afikirie ndoo ya lita 20 iliyoko nyumbani. Tangi linalomfika shingoni, pana kuliko mikono yake inavyoweza kulizunguka, lijae kwa ndoo moja na kidogo? Hapo anaona mwenyewe.

Swali la 8: safari ya mashua

Tumepewa: mashua inatoka A ikaenda km 12 kwa uelekeo wa 060° hadi B, kisha km 5 kwa uelekeo wa 150° hadi C. Uelekeo unapimwa kuanzia kaskazini, kuzunguka kama mshale wa saa.

Tunatafuta: umbali wa C kutoka A, na uelekeo wake.

Kutoka B, uelekeo wa kurudi A ni 060° + 180° = 240°

Pembe iliyopo B: 240° − 150° = 90°

Kwa kuwa B ni pembemraba, AC² = 12² + 5² = 144 + 25 = 169

AC = km 13

Pembe iliyopo A: tan A = 5 ÷ 12 = 0.4167, kwa hivyo A = 22.6°

Mashua ilikata kulia ilipofika B, kwa hivyo uelekeo wa C = 060° + 22.6° = 082.6°

Hakiki: jibu lazima liwe kati ya 060° na 150°, na karibu zaidi na 060° kwa sababu ndiko ilikokwenda mbali zaidi. 082.6° inafaa.

Jibu: km 13, kwa uelekeo wa 082.6°.

Ile "0600" ya kwenye picha unaitambua kwa sababu dira inaishia 360. Uelekeo wowote unaozidi hapo si uelekeo, ni alama ya nyuzi iliyosomwa kama sifuri. Vilevile wengi hukimbilia Pithagora bila kuonyesha 90° imetoka wapi. Mistari ile miwili ya 240° na 90° usiiruke kamwe. Katika usahihishaji wa hesabu za KCSE, hatua ya njia ina alama zake, na usahihi wa jibu una zake. Mwenye njia iliyoandikwa akikosea kugawanya bado anaokota kitu. Mwenye jibu tupu, likiwa limekosewa, hana cha kuokota.

Utaona nimeacha namba za ukurasa jinsi zilivyo: 5, 6, 7, 8. Sikuanza 1. Niliwahi kuzipanga upya namba kwa kuona nasaidia, na mwanafunzi wangu akanakili kazi yote kwa mpangilio wangu. Aliyesahihisha darasani alikuta jibu la tangi mahali pa jibu la mashua, akakata yote. Kazi ilikuwa sahihi kutoka mwanzo hadi mwisho, na kosa lilikuwa langu mimi. Tangu siku hiyo namba inabaki ya ukurasa, na mbele yake naongeza jina la kitu: boriti, tangi, mashua. Kwenye kioo cha simu mtoto anaposukuma juu na chini, jina ndilo linalomshika, maana tarakimu 7 peke yake inapita bila kuonekana.

Pia tuma kila swali kwa ujumbe wake. Mtoto akiwa na tatizo la boriti anajibu ujumbe wa boriti, na maongezi yenu yanabaki humo humo. Kuna kurasa ambazo swali la 9 linasema "ukitumia jibu la swali la 5". Hapo liache litegemee, lakini chini ya kichwa chake andika upya: *kutoka swali la 5, faida ni sh 3,000.* Namba iingie kwa mlango, ikiwa na jina la ilikotoka. Usimwandikie "kama hapo juu", kwa sababu kwenye simu huko juu kunaweza kuwa ni picha ya harusi ya binamu yake.

Kuhusu upigaji wenyewe, waambie waweke karatasi chini kando ya dirisha, simu iwe juu yake moja kwa moja, na pembe zote nne za karatasi zionekane. Pembe nne zikionekana, hakuna ukingo uliokatwa, na wewe hutahitaji kubahatisha kipimo. Wakipiga ukurasa, wapige na ule uliotangulia ikiwa mstari wa kwanza unaanza na (b) au (c).

Na huyo mtoto wa penseli, mwombe ukurasa wa swali la 4 leo leo kabla hajarudisha kitabu. Ukikufikia, nitumie nami, tuimalize ile (c) ya bustani.